Ukoma ulikuwepo Amerika kabla ya Wazungu, sawa, ila jibu la mtihani halijageuka

Mwaka 2025 ilitoka habari ya kisayansi iliyozunguka sana kwenye magrupu, kwamba wataalamu wa vinasaba wamepima mifupa ya kale ya Kanada na Ajentina, ya watu waliofariki karibu miaka 1,000 iliyopita, wakakuta humo bakteria wa ukoma. Yaani ukoma ulikuwa Amerika karne kadhaa kabla Kolumbasi hajapandisha tanga. Miezi michache nyuma yake, mwishoni mwa 2024, ilitoka nyingine kuhusu jamii ya kaswende, nayo ikisema vinasaba vyake vipo kwenye mifupa ya Amerika ya kabla ya 1492. Watu wakazichukua hizo mbili wakakimbia nazo: kumbe Wazungu walisingiziwa, kila upande ulikuwa na magonjwa yake, ngoma droo. Na madogo wanaojiandaa na mtihani wa historia wameshaanza kuandika hivyo hivyo, nimesoma majibu kadhaa yenye sentensi ya "magonjwa yalitoka pande zote mbili kwa hiyo mabadilishano yalikuwa ya usawa", na aliyeandika anaonekana kabisa ana uhakika kwamba hapo kapata maksi.

Mimi naona hapo kazikosa, ila kosa lenyewe limeanza zamani kabla ya hizi habari. Swali la jinsi mazao na magonjwa yaliyovuka bahari yalivyobadilisha idadi ya watu tumezoea kulijibu kwa orodha, huku ndui, surua, mafua, kule mahindi, muhogo, viazi, halafu mwisho tunaandika "watu wakapungua Amerika, wakaongezeka kwingine". Orodha hiyo haina uongo, ila haielezi kitu. Watu kufa kwa wingi kwenye mlipuko ni jambo ambalo limeshatokea karibu kila bara. Cha kuuliza ni kwa nini mahali pengine watu walikufa na vizazi vilivyofuata vikarudi kujaza nafasi, na mahali pengine hawakurudi kwa miaka mia na zaidi. Ukiijibu hiyo, magonjwa na mazao yanaingia kwenye hoja moja na huhitaji tena kuyapanga kama vitu viwili visivyojuana.

Nianze na huo ukoma tuumalize. Kwanza waliopima walisema wazi kwamba bakteria waliyemkuta ni ndugu wa yule tunayemjua zaidi, na kwamba yule wa kawaida, anayesababisha ukoma sehemu kubwa ya dunia, aliletwa Amerika na Wazungu. Pili, na hii ndo muhimu kwa mtihani, ukoma ni ugonjwa wa polepole sana, mtu anaweza kuishi nao miaka mingi, kwa hiyo unaweza kuendelea hata kwenye jamii ndogo iliyotawanyika. Ndui na surua tabia yake ni tofauti kabisa. Hayo ni magonjwa ya umati, yanampata mtu mara moja, ndani ya wiki chache ama amekufa ama amepona na hayampati tena, kwa hiyo ili yaendelee kuwepo yanahitaji kila siku watoto wapya wasiowahi kuugua. Surua kwa mfano inahitaji watu laki kadhaa wanaoingiliana ili isizimike yenyewe. Ulaya, Asia na sehemu za Afrika zilikuwa na hali hiyo pamoja na kuishi karibu na ng'ombe, nguruwe na ngamia kwa maelfu ya miaka, na wanyama hao wanadhaniwa kuwa chanzo cha baadhi ya magonjwa haya. Amerika kulikuwa na miji mikubwa, ndiyo, lakini wanyama wa kufugwa walikuwa wachache sana, lama na alpaka milimani, bata mzinga, mbwa, simbilisi. Kwa hiyo kusema "wao pia walikuwa na magonjwa" ni kweli ambayo haigusi swali, maana hakuna aliyesema Amerika ilikuwa peponi. Kilichokuwa hakipo ni aina ya ugonjwa unaolaza mji mzima ndani ya wiki moja.

Hapo tunafika kwenye neno ambalo kila jibu la mtihani linalo, "hawakuwa na kinga". Madogo wengi wanaliandika kana kwamba Mhispania alizaliwa nayo kwenye damu na Mwenyeji wa Amerika akanyimwa. Sehemu kubwa ya kinga ya ndui hairithiwi. Mhispania mtu mzima alikuwa salama kwa sababu aliugua akiwa mtoto akapona, na wenzake wengi ambao hawakupona walizikwa huko huko kwao, hivyo jeshi lolote lililovuka bahari lilikuwa limeshachujwa tayari. Hii pia inaeleza jambo ambalo orodha haiwezi kulieleza, kwa nini ndui haikufika na Kolumbasi. Mtu akiambukizwa anakaa kama wiki mbili bila dalili halafu anaambukiza wengine kwa wiki mbili tatu, na safari ya Atlantiki ilikuwa wiki tano, sita, nane. Melini wote wameshaugua utotoni, virusi havina wa kumrukia, vinafia njiani. Ili ndui ivuke ilihitaji mnyororo wa watu wasiowahi kuugua wanaopokezana ndani ya chombo kimoja, na kadiri meli zilivyozidi kubeba watoto, vijana na watumwa ndivyo bahati hiyo mbaya ilivyosogea. Ndui ya kwanza iliyorekodiwa vizuri Karibi ilianza mwishoni mwa 1518 kisiwani Hispaniola, ambako leo kuna Haiti na Jamhuri ya Dominika. Miaka 26 baada ya Kolumbasi!

Sasa angalia hicho kisiwa kabla ya ndui. Mwaka 1508 Wataino, wenyeji wa pale, walihesabiwa kama 60,000, na 1514 Wahispania walipohesabu tena ili wagawane wafanyakazi walikuta kama 26,000. Chini ya nusu ndani ya miaka sita na ndui haijakanyaga. Inawezekana kabisa kulikuwa na homa nyingine zilizoshuka mapema na nguruwe na farasi wa safari ya 1493, sibishi hilo, lakini kuna kitu kingine kilichoandikwa na watu waliokuwa pale. Wanaume walipelekwa kuchimba dhahabu kwa miezi sita, minane, wanawake wakabaki kulima muhogo wa kuwalisha Wahispania. Bartolomé de las Casas, padre aliyeishi huko na kuwatetea, aliandika kwamba mume na mke walikuwa hawaonani miezi mingi, na wakionana wamechoka hoi, na akina mama maziwa yalikauka kwa njaa na kazi hadi vichanga vikafa. Las Casas ana sifa ya kukuza idadi, na wanahistoria hawamwamini sana kwenye mamilioni yake, ila hoja hii ya uzazi haihitaji mamilioni, jamii ambayo watoto hawazaliwi inapungua hata ugonjwa ukikaa mbali.

Meksiko ndo mfano ambao ningemshauri yeyote auchukue na kuumaliza badala ya kutaja nchi kumi. Aprili 1520 msafara wa Pánfilo de Narváez ulishuka pwani ya Veracruz ukitokea Kuba, haukuja kupigana na Waazteki bali kumkamata Hernán Cortés, Mhispania mwenzao aliyekuwa ametangulia kuivamia Meksiko, na ndani yake kulikuwa na mtu mwenye ndui. Kufikia vuli mwaka huo ugonjwa uko Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, mji uliokuwa na watu wengi kuliko karibu miji yote ya Ulaya. Wazee wa Kinahua, yaani jamii ya Waazteki, walioyaona walisimulia baadaye, na padre Bernardino de Sahagún akakusanya masimulizi yao kwa lugha yao. Wanasema watu walijaa vipele uso, kichwa, kifua, hawawezi kugeuka kitandani wala kusogeza mkono, na kwamba wengi walikufa kwa vipele lakini wengi wengine walikufa kwa njaa tu, maana hakuna aliyebaki na nguvu za kumhudumia mwenzake. Hebu fikiria jikoni kwao: chakula chao ni mkate mwembamba wa mahindi, na mahindi hayo yanachemshwa na chokaa, halafu mwanamke anapiga magoti kusaga kwenye jiwe kwa masaa, kila siku, kwa sababu unga ule mbichi haukai. Wanawake wa nyumba wakilala wote wiki moja, nyumba ina mahindi ghalani na haina cha kula. Hapo ndo maana ya kuugua wote kwa pamoja inapoonekana. Ulaya ndui ikija inalaza watoto, wakubwa wanabeba maji. Tenochtitlan ililaza mama, baba, bibi, mtoto na jirani. Mfalme Cuitláhuac mwenyewe alitawala kama siku 80 akafa nayo, na mji ukaanguka tarehe 13 Agosti 1521 baada ya kuzingirwa na Wahispania pamoja na maelfu ya wenyeji maadui wa Waazteki, Watlaxcala hasa, ambao na wao walikuwa wamepigwa na ndui hiyo hiyo.

Upande unaosema ugonjwa peke yake ndo ulimaliza watu una nguvu hapa, na ni lazima uupe haki yake. Hakuna bunduki za wakati ule zingeweza kuua kwa kiwango hicho, Wahispania walikuwa mamia kadhaa, na hakuna mkoloni mwenye akili anayetaka kumaliza watu anaotegemea walipe kodi. Hiyo ni hoja nzito na inawajibu wale wanaoandika kwamba kila kifo kilikuwa cha upanga. Lakini tufanye hesabu ndogo. Chukua jamii ya watu 100, mlipuko mkali unaua 30, wanabaki 70. Jamii ya wakulima yenye ardhi ya kutosha ikikua asilimia 1 kwa mwaka inarudi 100 ndani ya miaka kama 36. Hata milipuko ikija mara tatu, kila baada ya miaka 25, na kila mmoja unachukua asilimia 30, bado unabaki na watu kama 56 kwa sababu kati ya mlipuko na mlipuko watu wanazaa. Ukiondoa huko kuzaa, unabaki na 34. Sasa Meksiko ya kati inakadiriwa ilikuwa na watu milioni 5 hadi 25 mwaka 1519, wataalamu wanapigana sana kwenye namba hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1600 wamebaki milioni moja au zaidi kidogo. Kwa kadirio lolote utakalochukua kati ya hayo, zaidi ya nusu hawapo, na kwa yale ya juu ni zaidi ya tisa kwa kila kumi, na huko hufiki kirahisi kwa milipuko tu kama watu wangekuwa wanarudi katikati.

Kilichowazuia kurudi kipo kwenye kumbukumbu. Vijiji vilipangiwa kodi ya mahindi, nguo na kazi kwa bwana wa Kihispania, na kodi hiyo ilikadiriwa kwa kijiji kizima, wakifa nusu waliobaki wanabeba mzigo wa marehemu mpaka hesabu mpya ifanyike, na hesabu mpya inachelewa. Kondoo na ng'ombe wakaachiwa mashambani. Watu wakahamishwa kutoka vijiji vilivyotawanyika wakajazwa kwenye miji mipya ili wasimamiwe vizuri, jambo ambalo kwa ugonjwa wa umati ni kuupelekea kuni. Halafu 1545 hadi 1548 ikaja balaa ambalo Wanahua waliliita kokoliztli, watu wakitoka damu puani na wakiwa na homa kali, ikaua kuliko ndui, na 1576 ikarudi tena. Mwaka 2018 watafiti walitoa majibu ya meno ya watu waliozikwa Teposcolula-Yucundaa, kusini mwa Meksiko, ndani ya makaburi ya kipindi hicho, na kati ya watu 24 wa mlipuko huo waliopimwa, 10 walikuwa na bakteria wa salmonela wa jamii ya homa ya matumbo. Taifodi kwa lugha yetu, kwa karibu. Ugonjwa wa maji machafu na chakula kichafu. Kama kweli huyo ndo muuaji, au mmoja wao, basi hoja ya "walikosa kinga tu" inapungua nguvu, kwa sababu homa ya aina hiyo inashamiri pale watu wamejazana, wana njaa na maji yao yameharibika. Na pete za miti ya kale za Meksiko zinaonyesha ukame mkali miaka hiyo. Linganisha na Ulaya baada ya tauni ya 1347 hadi 1351, ilichukua theluthi ya watu au zaidi, ila mkulima aliyebaki hai alijikuta na ardhi zaidi na mshahara mkubwa zaidi. Kurudi kulichukua muda mrefu kwa sababu tauni iliendelea kurudi, lakini walirudi. Mkulima wa Meksiko aliyebaki hai alijikuta na kodi ya watu wawili.

Tukija kwenye mazao, kuna hoja nyingine inayopendwa ambayo kwangu ndo dhaifu kuliko zote, kwamba mazao ya Amerika yalifidia vifo, eti ukijumlisha dunia nzima watu waliongezeka. Namba ni kweli. Kuna utafiti wa 2011 uliokadiria kwamba viazi mviringo pekee vinaeleza kama robo ya ongezeko la watu wa Ulaya, Asia na Afrika kati ya 1700 na 1900. Ila anayefidiwa na aliyekufa si mtu mmoja, Mtaino hakufufuka kwa sababu Mwayalandi kapata watoto wanane. Na hata huko kuongezeka kuliegemea kanuni ile ile ya nani anashika ardhi. Ayalandi ilifika watu milioni 8.2 kwenye sensa ya 1841, wengi wao maskini waliokodi vipande vidogo sana, na kipande kidogo kiasi hicho kinalisha familia kikipandwa viazi tu. Tena walipanda zaidi aina moja, kwa vipande vya kiazi, yaani shamba zima ni kiazi kimoja kilichorudiwa. Mwaka 1845 ukafika ukungu ule ambao wakulima wetu wa Mbeya na Njombe wanaujua kwa jina la bakajani, nao umetoka Amerika, umevuka bahari karne tatu nyuma ya kiazi chenyewe. Kama milioni moja wakafa, zaidi ya milioni wakahama, na wakati huo huo nafaka inaendelea kusafirishwa kwenda Uingereza. Mfano huu ni mtamu kwa mtihani kwa sababu zao na ugonjwa viko kwenye shamba moja.

Lakini kwa mwanafunzi wa huku ningesema usiishie Ayalandi, nenda Angola. Wareno walileta muhogo kutoka Brazili na ulikuwa umeshakaa vizuri Kongo na Angola karibu na 1600. Sifa zake mnazijua: unavumilia ukame, nzige wakipita wanakula majani mzizi unabaki, na unaweza kuuacha ardhini mwaka hata miwili ukaenda kuchimba siku ya shida. Mtama ukiwa ghalani mvamizi anauchoma au anaubeba, muhogo uko chini ya udongo. Muhogo mchungu una sumu, unatakiwa uloweke na kukausha, lakini hiyo nayo ni faida maana ngedere na mwizi hawauchangamkii. Kwa hiyo huku nako zao la Amerika lingetakiwa kuongeza watu, na pengine liliongeza, utafiti mmoja wa 2019 kuhusu mahindi Afrika unasema palipoingia mahindi watu walisongamana zaidi. Unaendelea kusema kwamba palepale ndipo watumwa wengi zaidi walipotoka. Unga wa muhogo ulilisha mateka wakisubiri meli Luanda, na ukawalisha baharini. Katika Waafrika kama milioni 12.5 waliopakiwa kuvuka Atlantiki kwa jumla, milioni 10.7 hivi walishuka wakiwa hai, na sababu mojawapo kubwa ya kuhitajiwa kwao ni kwamba wenyeji wa Karibi na pwani ya Brazili walikuwa wamepungua vibaya. Unaona mduara huo? Ugonjwa na kazi ya lazima vinamaliza watu upande mmoja, zao la upande huo linakuja kulisha upande mwingine, na watu waliolishwa wanapelekwa kujaza nafasi. Orodha mbili zisizoonana haziwezi kukuonyesha hilo hata uzipambe vipi.

Na kubadilika kwa idadi ya watu sio jumla peke yake. Wareno walihesabu watu Angola 1777 na 1778, na kwenye hesabu hizo wanawake watu wazima ni karibu mara mbili ya wanaume, kwa kuwa meli zilitaka wanaume zaidi. Kijiji cha namna hiyo kinaendelea kuzaa, ndo maana jumla haikuporomoka kama Meksiko, lakini kinazaa huku wanawake wakibeba kilimo karibu chote, na muhogo, zao lisilo na msimu mkali wala haja ya kundi kubwa la wavunaji, ukawafaa sana. Mtu akiangalia jumla tu atasema Angola haikuguswa.

Kwa hiyo mtihanini, swali likija la "kwa kiasi gani", mimi ningeanza na msimamo wa kurudi kwa watu kwenye sentensi ya pili, nikaipa Meksiko kurasa mbili nzima na Hispaniola aya moja ya kuonyesha kupungua kabla ya ndui, nikaweka hoja ya ugonjwa peke yake kwa heshima na hesabu ile ya 100, halafu Angola. Ayalandi iwe fupi. China na viazi vitamu taja ukibakiwa na muda, ila kumbuka wataalamu wanabishana ni kiasi gani cha ongezeko lake kilitokana na mazao haya. Ukoma wa 2025 unaweza kuuingiza pia na mtahini atafurahi, ukiuweka pale unapoeleza tofauti ya ugonjwa wa polepole na ugonjwa wa umati, kwa sentensi mbili, na ukataja kwamba bakteria wa kawaida alikuja na meli. Ukiuweka kwenye hitimisho kama ushahidi wa usawa, mtu anayesahihisha ataandika pembeni swali moja tu la kalamu nyekundu, ukoma uliua mji gani, na hutakuwepo kumjibu.